Dripa ya kulowesha na kuchuruzisha: namna inavyofanya kazi, na namna ya kuitumia Goma

Koni ya kawaida ya kuchuruzisha kahawa haina kitu kinachozuia maji. Ukiyamimina tu, yanaanza kushuka, na kasi yake inategemea ukubwa wa chembe za kahawa, mkono unaomimina na hali ya karatasi ya kuchujia. Kwa hiyo anayesaga kahawa kubwa kidogo kuliko jana hapati tu chembe kubwa, bali anapata pia maji yaliyopita haraka, na makosa hayo mawili yanasukuma ladha upande mmoja. Dripa ya mseto, ambayo kwanza hulowesha kahawa kisha huichuruzisha, imeundwa ili kutenganisha mambo hayo mawili. Kwa umbo inafanana na koni yoyote yenye karatasi ndani, ila chini yake kuna vali inayobaki imefungwa mpaka mtumiaji aamue kuifungua. Muda ambao maji yanakaa na kahawa unaamuliwa na saa, si na kisagio.

Mwongozo huu unahusu zaidi dripa aina ya Clever, ambayo ni ya plastiki, ina kifuniko, na asili yake ni Taiwan. Ipo pia Hario Switch ya Japani, ambayo ni koni ya kioo iliyokaa juu ya kitako cha silikoni chenye swichi, nayo tutaigusa baadaye. Nimeichagua Clever kwa sababu ndiyo inayovumilia zaidi, na kwa sababu plastiki hupoteza joto kidogo kuliko kioo au kauri, jambo lenye uzito kwetu tunaoishi karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Vali inavyofanya kazi

Ukiigeuza Clever utaona duara la plastiki linaloweza kusogea juu na chini. Duara hilo limeshikana na kizibo cha silikoni kinachoziba tundu la katikati. Dripa ikiwa imesimama mezani juu ya miguu yake, hakuna kitu kinacholigusa duara, na kizibo kinabaki mahali pake huku uzito wa maji ukikikandamiza. Dripa ikiwekwa juu ya kikombe, ukingo wa kikombe unalisukuma duara kwenda juu, kizibo kinanyanyuka, na kahawa inaanza kushuka. Ukiinyanyua tena dripa, kizibo kinarudi na mtiririko unakatika. Hakuna springi wala umeme, na ndiyo maana ni chombo ambacho hakiharibiki kirahisi.

Umbo hilo lina sharti moja ambalo wanunuzi wengi hulikuta wakiwa wameshafika nyumbani: ukingo wa kikombe lazima ulifikie lile duara. Kikombe kipana sana kitaibeba miguu ya dripa bila kuligusa duara, na kahawa haitashuka. Chembamba sana kitaiacha dripa ikiyumba. Kabla ya kutumia maji ya moto, jaribu kila kikombe na kila jagi ulilo nalo kwa maji baridi. Kwa jaribio hilohilo, jaza dripa maji nusu na uiache juu ya sahani kavu kwa dakika mbili. Sahani ikilowa, kizibo kina uchafu au hakijakaa sawasawa, na hilo lirekebishwe kwanza.

Kwa nini inasamehe

Kahawa inapolowa ndani ya maji yasiyosogea, mwanzoni maji hayana kitu na kahawa imejaa vitu vinavyoyeyuka, kwa hiyo uhamaji kutoka kwenye chembe kwenda kwenye maji ni wa kasi. Baada ya dakika mbili au tatu maji yenyewe yamekwisha kubeba kiasi kikubwa, na kasi hiyo inapungua sana. Ni kama nguo iliyolowekwa kwenye beseni: baada ya muda maji ya beseni yamejaa uchafu na hayatoi zaidi, ilhali nguo iliyo chini ya bomba inaendelea kusuuzwa kwa maji mapya kila wakati. Koni ya kawaida ni bomba. Maji safi yanaendelea kuletwa juu ya kahawa ileile, na yakipata njia rahisi upande mmoja yanaisuuza sehemu hiyo kupita kiasi huku sehemu nyingine ikibaki karibu kavu. Matokeo yake ni kikombe chenye uchachu na uchungu kwa pamoja, kasoro ambayo ni ngumu kuirekebisha kwa sababu haijulikani uanzie upande gani.

Katika dripa ya mseto, chembe zote zinalowa kwa maji yaleyale na kwa muda uleule, na namna ulivyomimina haina nguvu tena ya kuharibu kikombe. Ukichelewa sekunde thelathini kuiweka juu ya kikombe kwa sababu mtoto amekuita au simu imelia, tofauti itakuwa ndogo, kwa kuwa kasi ya uyeyushaji imeshapungua. Birika lenye mdomo mwembamba kama wa korongo, linalouzwa ghali kwa ajili ya koni, halihitajiki hapa. Sufuria ndogo yenye mdomo inatosha.

Kisha inakuja faida ya nusu ya pili. Kahawa iliyoloweshwa kwenye jagi la kusukuma kwa chujio la chuma hubaki na mafuta na vumbi laini ambalo linaendelea kukolea kikombeni na kuacha tope chini. Dripa hii inapofunguliwa, kinywaji chote hupita kwenye karatasi, vumbi na sehemu kubwa ya mafuta vinabaki juu, na kikombe kinatoka safi. Unapata urahisi wa kulowesha pamoja na usafi wa kuchuja.

Uvumilivu huo una bei yake, na ni vizuri kuijua mapema. Kila gramu ya kahawa hushikilia takriban gramu mbili za maji ambazo hazitoki tena. Kwenye koni, maji yanayobaki mwishoni ni mepesi, kwa kuwa yale mazito yalishasukumwa chini. Kwenye kulowesha, maji yanayobaki ndani ya kahawa yana ukali uleule wa kikombe, kwa hiyo sehemu ya ulichokiyeyusha unaitupa pamoja na mashapo. Mtu mwenye mkono mzoefu na kisagio kizuri anaweza kupata kwenye koni kikombe chenye harufu zilizotengana vizuri zaidi kuliko hiki. Kwa maoni yangu, kwa kikombe cha asubuhi kinachotakiwa kufanana na cha jana, kubadilishana huko kunafaa.

Kuandaa kikombe, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano mmoja kamili: arabika iliyooshwa kutoka upande wa Minova, iliyokaangwa kwa kiwango cha wastani, kisagio cha mkono cha kawaida, Clever kubwa inayotumia karatasi namba 4, na maji yanayochemshwa kwenye mbabula kwa sababu umeme umekatika. Tunahitaji gramu 18 za kahawa na gramu 300 za maji. Uwiano huo ni gramu 60 kwa lita, na ni mahali salama pa kuanzia. Anayependa kahawa nzito zaidi apande hadi gramu 20 bila kubadilisha jambo lingine lolote.

Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu ndiyo kifaa kimoja ambacho ningekinunua kabla ya kingine chochote. Asiye nayo anaweza kutumia vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa vya kahawa iliyosagwa, akijua kwamba kipimo hicho kinacheza kwa gramu kadhaa, na chupa ya maji ya mililita 330 iliyopunguzwa vidole viwili kutoka juu. Muhimu ni kwamba chupa na kijiko viwe vilevile kila siku.

Saga kahawa iwe na chembe za wastani, zinazofanana na mchanga wa kawaida unapouparuza kati ya vidole. Isiwe laini kama unga wa muhogo, wala isiwe kubwa kama mtama uliopondwa. Wakati unasaga, chemsha maji mengi kuliko utakayotumia, kwa sababu mengine ni ya kuosha karatasi. Hapa Goma maji huchemka yakiwa na joto la digrii 95 hivi, si 100, kwa ajili ya mwinuko. Miongozo inayosema usubiri dakika moja au mbili baada ya kuchemka iliandikwa na watu wa pwani na tambarare. Ukiifuata hapa unajinyima joto ambalo tayari ni dogo. Mimina maji yakiwa bado yanatokota.

Kunja karatasi kwenye ile mishono yake miwili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, ili ikae vizuri kwenye kuta za dripa. Mimina maji ya moto kiasi cha nusu kikombe, yaache kwa sekunde kumi na tano, kisha weka dripa juu ya kikombe ili yashuke. Kwa tendo hilo moja umeondoa ladha ya karatasi, umepasha dripa na kikombe, na umehakikisha kwamba vali inafunguka. Mwaga maji hayo na urudishe dripa mezani.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huigeuza: tanguliza maji, kisha kahawa. Mimina gramu zote 300 za maji ndani ya dripa iliyofungwa, halafu weka gramu 18 za kahawa juu yake na uanze kuhesabu muda. Ukifanya kinyume, nguvu ya maji yanayoanguka hulipeleka vumbi laini moja kwa moja kwenye karatasi, matundu yake yanaziba, na dripa inaweza kuchukua dakika tatu au zaidi kumaliza kushuka. Kahawa ikitangulizwa na maji, huelea juu, karatasi inabaki wazi, na mteremko wote humalizika kwa dakika moja au zaidi kidogo. Hakuna badiliko jingine dogo ninalolijua kwenye chombo hiki lenye matokeo makubwa kiasi hicho.

Kwa kuwa kahawa inaelea, ikoroge taratibu kwa kijiko mpaka usione tena vibonge vikavu. Usikoroge kwa nguvu, kwani unatafuta kulowesha tu. Funika kwa kifuniko chake ili joto lisitoke.

Saa ikifika dakika mbili, fungua kifuniko na uvunje utando uliotanda juu kwa kuupitisha kijiko mara mbili au tatu. Chembe nyingi zitaanza kuzama. Subiri nusu dakika zitulie, kisha, saa ikisoma dakika mbili na nusu, weka dripa juu ya kikombe. Kahawa itashuka kwa kasi mwanzoni, halafu polepole, na mwisho utasikia hewa ikipita. Hapo saa inapaswa kusoma kati ya dakika tatu na nusu na dakika nne. Chembe zikiwa zimelala tambarare chini ya karatasi, kila kitu kimekwenda sawa. Kikombe kitakuwa na takriban gramu 264, kwa sababu gramu 36 zimebaki ndani ya kahawa. Kikoroge kabla ya kunywa, maana kinachotangulia kushuka na kinachomalizia havina uzito sawa kabisa.

Watu wawili wakigawana, huna haja ya jagi: inyanyue dripa nusu ya kahawa ikiwa imeshuka, nayo itajifunga, kisha iweke kwenye kikombe cha pili.

Kisagio kibaya hakiharibu kila kitu

Ili uone uvumilivu huo, tuseme kisagio cha mfano wetu kimelegea na kahawa imetoka kubwa kupita kiasi. Kwenye koni ya kawaida, gramu hizohizo 300 zingepita kwa dakika moja na nusu, na kikombe kingekuwa chepesi chenye ugwadu. Kwenye dripa ya mseto, kahawa hiyo kubwa bado inalowa dakika mbili na nusu. Itakuwa nyepesi kidogo kuliko tulivyotaka, lakini inanyweka. Tena dawa yake haihitaji kusaga upya. Siku inayofuata acha ilowe dakika nne au tano badala ya mbili na nusu, na sehemu kubwa ya upungufu itajazwa na muda.

Upande wa pili una mpaka, na mpaka huo ni karatasi. Kahawa inayouzwa ikiwa imeshasagwa mara nyingi ni laini sana, kwa kuwa imekusudiwa kuchemshwa sufuriani au mashine ndogo ya jikoni. Unaweza kufupisha ulowekaji hadi dakika moja na nusu, lakini huwezi kuamuru kasi ya mteremko: vumbi likiziba karatasi, kahawa inaendelea kukolea huku ikidondoka tone kwa tone. Mteremko ukizidi dakika mbili na nusu, usisubiri tone la mwisho. Nyanyua dripa, kubali kikombe kilichopungua kidogo, na ukiongeze maji ya moto kama ni kizito. Wakati ujao usiuvunje kabisa ule utando wa juu; uache ushuke wenyewe.

Kuhusu kusoma ladha, anza na swali moja tu: ulimi unakauka au unasisimka? Ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi pamoja na uchungu unaokaa kooni ni dalili ya kukolea mno: fupisha muda kwa nusu dakika, au saga kubwa zaidi. Ugwadu mkali usio na utamu nyuma yake ni dalili ya kukolea kidogo: ongeza muda, na uhakikishe maji yalikuwa yanatokota. Kahawa nzuri ila nzito au nyepesi mno haina tatizo la muda. Hapo badilisha gramu za kahawa. Rekebisha kitu kimoja kwa siku, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Mambo ambayo dripa haiwezi kuyaondoa

La kwanza ni maji. Maji ya Ziwa Kivu yana bikaboneti nyingi sana, na bikaboneti huua uchachu wa kahawa. Ndiyo maana kahawa ya milima ya Kivu, ambayo kwa asili ina uchachu mzuri wa matunda, inaweza kutoka bubu kabisa, yenye ladha ya chaki, ikipikwa kwa maji yaliyotolewa ziwani. Kuchemsha hakuondoi tatizo hilo. Kabla ya kulaumu kisagio au muda, pika kikombe kimoja kwa maji ya chupa yenye madini machache, au kwa maji safi ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, ukishikilia vipimo vilevile. Kikombe kikichangamka ghafla, umepata jibu, na unaweza kuanza kuchanganya nusu kwa nusu ili kupunguza gharama.

La pili ni ladha ya viazi mviringo vibichi, ambayo inajulikana katika kahawa za ukanda wa Maziwa Makuu. Inahusishwa na mdudu aitwaye antestia anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Punje moja tu yenye kasoro hiyo inatosha kukiharibu kikombe kizima, ilhali kikombe kinachofuata kutoka mfuko uleule kinaweza kuwa safi kabisa. Kwa macho punje hiyo haitambuliki kirahisi, lakini ikishasagwa harufu yake haijifichi. Basi nusa kahawa iliyosagwa kabla ya kuitia kwenye maji. Ukisikia viazi, mwaga hizo gramu 18, futa kisagio, na usage nyingine. Ni nafuu kuliko kupoteza maji yaliyochemshwa kwa makala.

Kwa upande wa Hario Switch

Hapa kitako cha silikoni kina mpira mdogo wa chuma unaoziba tundu, na swichi ya pembeni ndiyo inayouinua. Faida yake ni kwamba vali haitegemei ukubwa wa kikombe, na unaweza kuitumia kama koni ya kawaida ukiiacha wazi tangu mwanzo. Wengine huanza ikiwa wazi kwa nusu ya maji, kisha huifunga na kulowesha nusu iliyobaki. Njia hiyo huleta harufu nzuri, lakini inarudisha umuhimu wa mkono unaomimina, kwa hiyo anayeanza aiache kwa muda. Kuna jambo la kuangalia pia kuhusu ujazo: ile ya ukubwa wa 02 haitoshi gramu 300 za maji ikiwa imefungwa, kwa hiyo ama uchukue ya 03, ama upike gramu 12 za kahawa kwa 200 za maji. Kwa kuwa kioo hunyonya joto, ioshe kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kuanza, na uifunike kwa kisahani.

Usafi wa vali

Baada ya kila kikombe, toa karatasi na mashapo yake, kisha mimina maji safi ndani na ufungue na kufunga vali mara kadhaa huku yakipita. Chembe moja ya kahawa iliyonasa chini ya kizibo inatosha kufanya dripa ivuje wakati wa kulowesha, nawe utadhani silikoni imechakaa. Mara moja kwa wiki, tenganisha sehemu ya chini kama inavyoruhusu, na usugue silikoni kwa sabuni kidogo na brashi laini ya meno, kwa sababu mafuta ya kahawa yakikaa hapo huchacha na harufu yake huingia kwenye kila kikombe. Iache ikauke vipande vyake vikiwa vimetenganishwa, na unapoirudisha, rudia jaribio la sahani kavu kabla ya kuitia kahawa.